Ratiba ya Siku Saba Roma: Mama, Shangazi na Mimi

Shikamooni Mama na Shangazi. Ratiba ni hii. Kila siku ina jambo moja tu, na kuanzia saa nane hadi saa kumi na moja jioni ni kulala au kunyoosha miguu. Safari iliyopita niliwakimbiza sehemu tatu kwa siku, goti la Mama likavimba siku ya pili. Sitarudia.

Jumamosi: Kufika. Uwanja wa ndege, teksi, nyumba ya wageni ya masista, kuoga, kulala. Hiyo ndiyo kazi ya siku nzima.

Jumapili: Sala ya Malaika wa Bwana pamoja na Baba Mtakatifu, saa sita mchana, Uwanja wa Mtakatifu Petro. Ni fupi, lakini tunasimama juani. Shangazi, kofia na maji usisahau.

Jumatatu: Koloseo. Tiketi ina saa yake ya kuingia, nimechukua ya saa tatu asubuhi. Tiketi hiyo hiyo inaingiza pia Jukwaa la Kirumi na kilima cha Palatino, ila kilima tunakiacha: mawe ya njia hayako sawa na kupanda ni kwingi. Jukwaa tutaliangalia kutoka barabara ya juu, mnaweza kuegemea ukuta.

Jumanne: Kanisa Kuu la Mtakatifu Petro. Kuingia ni bure, foleni ya ukaguzi ndiyo ndefu, kwa hiyo tuwepo saa moja na nusu. Kubani hatupandi. Hata ukilipia lifti zinabaki ngazi zaidi ya 300.

Jumatano: Katekesi ya Baba Mtakatifu. Tunaamka mapema ili tupate viti, halafu tunakaa muda mrefu. Mkirudi mtasikia uchovu msioutegemea, maana kukaa nako kunachosha. Mchana mzima ni wenu.

Alhamisi: Makumbusho ya Vatikani, hadi Kikanisa cha Sistina. Hii ndiyo siku nzito, ndiyo maana jana yake mchana ni mtupu na kesho yake ni nyepesi. Korido ni kilomita kadhaa. Hatutasimama kila chumba. Tutatunza macho kwa dari aliyoichora Michelangelo kati ya 1508 na 1512. Pembeni kuna mabenchi ya kukaa. Tukipata nafasi tukae, tuinue vichwa, tusiharakishwe na mtu. Mabega na magoti yafunikwe. Kupiga picha ndani ni marufuku.

Ijumaa: Chemchemi ya Trevi, saa moja asubuhi kabla watu hawajajaa. Wanasema ukitupa sarafu kwa mkono wa kulia kupitia bega la kushoto, utarudi Roma. Kisha kufunga mizigo taratibu.

Mvua ikinyesha siku yoyote, tunabaki ndani na hatulipizi kesho yake. Ndege ni Jumamosi saa tisa alasiri. Teksi inakuja saa nne na nusu, mtakuwa mmeshapata usingizi wa kutosha.