Yah: Orodha mpya ya bei na katalogi ya msimu

Ndugu Meneja Mauzo,

Habari za kazi. Mvua za Novemba zinakaribia na wakulima wa huku Makambako wameanza kuulizia mbegu. Tunaomba orodha mpya ya bei za jumla pamoja na katalogi, tuzipate kabla ya Ijumaa.

Tafadhali onesheni bidhaa zilizobadilika bei au ujazo, na zile mnazoziondoa. Tunajali hasa mahindi ya pakiti ya kilo 2: wateja wetu wengi hulima robo ekari, wakiikosa hawachukui ya kilo 10. Aina ikiondolewa, ipi inashika nafasi yake, na inakomaa kwa siku ngapi? Je, mzigo wa aina iliyoondolewa uliobaki dukani kwetu mtaupokea?

Wako katika biashara,
Msimamizi, duka la pembejeo, Makambako