Mashine Iliyosahau Kiswahili

Nilifika stendi saa kumi na moja alfajiri, mwishoni mwa Julai, wakati ambapo baridi ya Mbeya hupenya kitenge, sweta na mifupa kwa mpigo mmoja. Nilikuwa na kilo ishirini za mchele wa Kyela kwenye kiroba, kwa ajili ya kipaimara cha mjukuu wangu Njombe, na basi lilikuwa linaondoka saa kumi na mbili na nusu. Dirisha la tiketi la kampuni ile, ambayo sina haja ya kuitaja, lilikuwa limefungwa. Mlinzi aliyejifunika blanketi alinyoosha kidole kuelekea mashine mpya iliyosimikwa ukutani.

"Umeme ulikatika usiku, mama. Uliporudi, mashine ikaamka na Kichina chake cha kiwandani. Fundi yuko Dar."

Kichina mimi si mgeni nacho kabisa. Marehemu baba alibeba mataruma wakati reli ya TAZARA ilipokuwa ikijengwa kati ya 1970 na 1975, lakini alichotuletea nyumbani kutoka kwa wale wataalamu ni bakuli moja la bati na salamu moja tu, nayo hakuna aliyeweza kuthibitisha kama aliitamka sawasawa. Kusoma sikujifunza. Hata hivyo nimefundisha darasa la kwanza kwa miaka thelathini na moja, na ninajua jinsi mtoto anavyolitazama neno kabla hajalisoma: analitazama kama picha, anahesabu vipande vyake, kisha anagundua kwamba kipande hiki alikiona pia mahali pengine. Nikaweka kiroba chini.

Kioo kilikuwa na vitufe sita, kila kimoja na alama zake, na pembeni mwake nauli kwa tarakimu zetu za kawaida. Tarakimu, namshukuru Mungu, mashine haikuzisahau. Niligusa kitufe kimoja bila kuchagua, ukurasa mwingine ukafunguka, nami nikaanza kutafuta njia ya kurudi, kwa sababu mtu asiyejua njia ya kurudi hana uhuru wa kujaribu. Chini kushoto palikuwa na alama mbili, na ya pili ilikuwa kisanduku ndani ya kisanduku: 返回. Nikaigusa, nikarudi. Nikaingia kwingine, ikawa pale pale. Nikaigusa, nikarudi tena. Tangu hapo kile kisanduku kikawa mlango wangu. Niligundua pia kwamba nikikaa kama dakika moja bila kugusa kitu, mashine hunirudisha mwanzo yenyewe, kama mwalimu mkuu asiyependa mtu asimame kwenye korido.

Nyuma yangu foleni ilikuwa imeanza kukua. Kijana mwenye begi la mgongoni alinisalimu.

"Shikamoo, bibi. Wewe bonyeza tu ya kijani, itakubali."

"Marahaba, mjukuu wangu. Itakubali nini?"

Hakuwa na jibu, akacheka kwa aibu. Nilimpisha ajaribu bahati yake. Ya kijani ilimpeleka moja kwa moja kwenye malipo ya shilingi 45,000, akaruka nyuma kama aliyeguswa na pasi ya moto, nami nikamwonyesha kile kisanduku ndani ya kisanduku.

Sasa nauli. Ya 45,000 haikuweza kuwa kwingine ila Dar es Salaam, na ya 36,000 nikaihisi kuwa Morogoro. Ya 20,000 ilikuwa Iringa na ya 10,000 Makambako, kwa kuwa barabara yenyewe naijua kwa mpangilio wake. Tatizo lilikuwa kwamba vitufe viwili vilikuwa na bei moja, 15,000, na mimi nilijua kwamba Njombe na Mafinga, ukitokea Mbeya, hazipishani sana kwa umbali: ukifika Makambako, moja unakata kulia kuifuata, nyingine unanyoosha. Bei haikuweza kunisaidia zaidi ya hapo.

Nikaanza na Morogoro, kwa sababu neno hilo nimeliandika ubaoni mara nyingi kuwaonyesha watoto silabi inayojirudia. Mo-ro-go-ro. Nikakitazama kitufe cha 36,000 kwa karibu mpaka pumzi yangu ikakitia ukungu kioo, nikakifuta kwa ncha ya kitenge. 莫罗戈罗. Alama nne, na ya pili na ya nne ni ile ile. Nilisimama nikaitazama kwa muda. Wachina hawa walikuwa wameandika majina yetu kwa silabi.

Juu kabisa ya kila ukurasa, kabla ya mshale, palikuwa na alama tatu zisizobadilika: 姆贝亚. Bila shaka ni hapa tuliposimama. Lakini darasani Mbeya ina silabi mbili, Mbe-ya, sasa ya tatu imetoka wapi? Jibu lilikuwa kwenye Dar es Salaam, 达累斯萨拉姆: alama yake ya sita, ya mwisho kabisa, ndiyo alama ya kwanza ya Mbeya. Ile ni M inayosimama peke yake! Kwa hiyo ile ya katikati, yenye miguu miwili chini, haina budi kuwa "be".

Vitufe viwili vya 15,000 vilikuwa 马芬加 na 恩琼贝. Cha pili kiliishia na miguu miwili. Ili nisije nikajidanganya, nilikikagua na kile cha kwanza: kilianza na alama ile ile inayoanza Makambako, na kikaishia na ile inayomaliza Iringa. Ma, kisha kitu, kisha ga.

"Wewe unakwenda wapi?" nikamwuliza kijana.

"Mafinga, bibi."

"Yako ni hii. Inaanza na ma."

Ukurasa wa tarehe haukunisumbua. Vitufe vilisomeka 7月30日, 7月31日, 8月1日, na tarakimu zenyewe zilionyesha ipi ni alama ya mwezi na ipi ni ya siku. Saa 06:30 ni saa kumi na mbili na nusu yetu, hilo hata simu yangu imeshanizoesha. Viti vya kijivu vilikuwa vimechukuliwa. Nikachagua cha dirishani. Niliandika namba ya simu, na simu ikalia mfukoni ikiniuliza kwa Kiswahili safi kama nakubali kulipa 15,000. Nikaingiza namba ya siri, na mashine ikatema karatasi yenye Kichina kitupu.

Mlangoni mwa basi kondakta aliigeuza tiketi yangu juu chini, akaitazama tena.

"Mama, mimi hii sijui hata pa kuanzia. Unashuka wapi?"

"Njombe. Angalia mwisho wa jina, hapo penye miguu miwili. Hiyo ni be."

Alinitazama usoni kama anayepima iwapo ninamtania. Kisha akapanda, akazunguka viti vya mbele, na kurudi dirishani kwangu akiwa na karatasi nyingine ya mzee mmoja aliyekuwa amekwisha kusinzia kiti cha nne, kofia imefunika macho.

"Na hii, mwalimu?"

Nilivaa miwani. Alama nne, ya pili na ya nne ni ile ile.

"Mwamsheni polepole," nikasema. "Basi lake ni lile la pili, linalopita Morogoro."