Ombi la barua ya mapendekezo: uzamili wa haidrolojia, ifike Ijumaa 11 Desemba

Nairobi, Jumatatu 30 Novemba 2026

Daktari Mutiso,

Habari za asubuhi. Mimi ni Nekesa, uliyenisimamia mradi wa mwaka wa tano kuhusu mitaro ya maji ya mvua Mukuru. Naomba uniandikie barua ya mapendekezo ya kujiunga na shahada ya uzamili ya haidrolojia nchini Uholanzi, pamoja na ufadhili wake. Barua zinazotakiwa ni mbili. Ya pili itaandikwa na mhandisi aliyenisimamia kwenye mafunzo ya kazini, kwa hiyo yako ndiyo pekee itakayozungumzia masomo na utafiti.

Ukiona muda hautoshi, au ukiona huwezi kuniandikia barua yenye uzito, niambie kufikia Alhamisi 3 Desemba. Sitavunjika moyo, na nitakuwa na nafasi ya kumwomba mhadhiri mwingine.

Maombi yanafungwa Ijumaa 15 Januari 2027, saa 5:59 usiku kwa saa za Uholanzi. Kwa saa zetu hiyo ni saa 7:59 usiku, Jumamosi ikiwa imeshaingia. Naomba hata hivyo Ijumaa 11 Desemba, siku moja kabla ya Jamhuri, kwa sababu baada ya hapo ofisi ya idara huanza kuwa na watu wachache na muhuri huwa kazi kuupata. Nitakukumbusha mara moja tu, Jumanne 8 Desemba.

Sijaingiza jina lako kwenye mfumo. Kiungo hutumwa papo hapo na hudumu siku 21, ndiyo maana nasubiri ukubali kwanza. Tafadhali nipe baruapepe yako ya chuo. Mfumo hukataa anwani za binafsi. Kiungo kisipoonekana ndani ya saa moja, angalia folda ya spamu. Barua iwe PDF moja isiyozidi kurasa 2, kwenye karatasi yenye nembo ya idara, iwe na sahihi, tarehe na muhuri. Wanataka pia useme umenifundisha au kunisimamia tangu lini: ni tangu Septemba 2023, nilipoingia darasa lako la Haidrolojia. Nimekwisha kuweka alama kwamba sitadai kuiona barua, kwa hiyo andika kwa uhuru.

Alama zangu katika masomo yako: Haidrolojia 74, Uhandisi wa Maji 71, Mradi 76. Wastani wa miaka yote mitano ni 68.4, daraja la pili la juu. Nafasi yangu darasani siijui, na fomu inaiuliza. Orodha unayo wewe. Kuna 49 ya Miundo mwaka wa tatu. Hiyo nimeieleza mwenyewe kwenye maombi, haina haja uitetee.

Jambo ambalo ningependa uligusie, kwa kuwa wewe ndiwe shahidi wake, ni lile la wasilisho la kwanza la mradi. Nilikuwa nimetumia mgawo wa mtiririko 0.6 kwa eneo lote la hekta 18, ukaniuliza ni nani aliyeona bustani Mukuru. Nilirudi uwanjani nikagawa eneo upya: paa za mabati asilimia 75 kwa 0.90, njia za udongo ulioshindiliwa asilimia 20 kwa 0.65, na viwanja wazi asilimia 5 kwa 0.50. Mgawo ukawa 0.83, na kwa mvua ya milimita 70 kwa saa mtiririko wa kilele ukapanda kutoka mita za ujazo 2.1 hadi 2.9 kwa sekunde. Mtaro niliokuwa nimeupendekeza ungefurika mwaka wa kwanza. Baadaye nililinganisha kina cha modeli ya SWMM na alama za maji kwenye kuta za nyumba 9. Tofauti ilikuwa kati ya sentimita 6 na 14. Wanaosoma maombi wanatafuta mtu anayekubali kukosolewa na kurekebisha kazi, na hilo haliwezi kusemwa na transkripti.

Mambo mengine ni madogo: wiki 12 za mafunzo kwenye kampuni ya ushauri Upper Hill, nikichora mikato ya mitaro, na mihula miwili nikiwasaidia wanafunzi wa mwaka wa pili kutumia leveli kwenye mazoezi ya upimaji.

Nimeambatisha faili nne: `Nekesa_transkripti.pdf`, `Nekesa_wasifukazi.pdf`, `Nekesa_maelezo_ya_nia.pdf` na `Nekesa_mradi_muhtasari.pdf`. Ukiwa na haraka, soma ule muhtasari. Ni ukurasa mmoja. Nakala za karatasi naweza kuziacha kwa karani wa idara Jumatano asubuhi, na kama kuna jambo ungependa kuniuliza ana kwa ana, nitakuwa chuoni siku hiyo hadi saa nane mchana.

Asante sana, Daktari.

Nekesa
Uhandisi wa Ujenzi, darasa la 2026