Neno la binti wa marehemu Mwenyekiti

Wazee wangu, shikamooni. Poleni na msiba.

Baba aliongoza kijiji hiki miaka 15. Bomba la pale mnadani ni jasho lake. Alishinda kwenye mabenchi ya wilayani mpaka likaja. Watoto wenu waliokosa ada waliujua mlango wetu.

Mimi nilipochaguliwa kwenda sekondari, alisema kumsomesha msichana ni hasara. Mama akauza mbuzi wake wawili. Na shamba la mama je? Muhuri wa kijiji uligongwa usiku, asubuhi lina mwenyewe mwingine. Baba mdogo ananikonyeza ninyamaze. Namalizia.

Juzi nilimvua saa, mkono umekonda, nikalia kuliko nilivyotaka. Baba, sijakusamehe yote.

Kaka zangu, mbebeni taratibu. Bega la kulia lilikuwa linamuuma.