Koo la Mtoto: Lipi la Kumpeleka Zahanati, Lipi la Kukaa Nalo Nyumbani

(Maelezo ya muuguzi wa shule kwenye kikao cha wazazi na walezi, shule ya msingi ya kutwa na bweni, Iringa, mwezi wa Juni)

Wazazi wetu, bibi na babu mnaolea wajukuu, habari za asubuhi. Mwalimu mkuu amenipa dakika kumi kabla ya taarifa ya taaluma, basi naingia moja kwa moja. Baridi imeanza, na watoto wanaokuja chumba cha wagonjwa wakishika shingo wameongezeka.

Wengi wetu tunapima uzito wa ugonjwa kwa kelele zake. Mtoto akikohoa usiku kucha, kamasi zinatiririka na sauti imekauka, tunakimbia kutafuta antibayotiki. Yule mwingine aliyeamka na homa, anashindwa kumeza mate, lakini hakohoi wala hana mafua, tunamwambia anywe maji ya moto, ni koo tu. Kwa koo, mambo ni kinyume. Koo linalokuja na mafua na kikohozi kwa kawaida ni la virusi, na antibayotiki haiwagusi virusi. Koo linalokuja peke yake, na homa, bila mafua, ndilo linalohitaji zahanati.

Hilo la pili mara nyingi huletwa na bakteria anayeitwa streptokoka. Anawapenda zaidi watoto wa miaka 5 hadi 15, yaani hawa wetu kabisa. Dalili zake ni hizi. Koo linauma ghafla. Asubuhi mtoto mzima, jioni hamezi. Homa inafika nyuzi 38 au zaidi. Tezi za mbele ya shingo, hapa chini ya pembe ya taya, zimevimba na zinauma ukizibonyeza. Tonsesi ni nyekundu, zimevimba, pengine zina madoa meupe au ya njano ya usaha. Na hakuna kikohozi. Watoto wengine huanza kwa kuumwa tumbo na kutapika, ndiyo maana mzazi anadhani amekula kitu kibaya. Ukiona homa na koo bila kikohozi, pamoja na tezi zinazouma au usaha, usisubiri wiki iishe. Mpeleke siku hiyo au kesho yake.

Namna ya kuangalia: mkalishe mtoto akielekea dirishani, washa tochi ya simu, mwambie afungue mdomo aseme "aaa". Ukihitaji kijiko, tumia mpini wake, ukandamize ulimi katikati tu; ukienda nyuma zaidi atatapika na hutaona kitu. Tezi ziguse kwa vidole viwili, pande zote mbili kwa pamoja, ili usikie tofauti. Homa ipime kwa kipimajoto kwapani mpaka kilie. Mkono kwenye paji la uso unadanganya, hasa asubuhi hizi za Iringa ambapo mkono wako wenyewe ni barafu.

Na mtoto mwenye homa hapa kwetu hapimwi koo peke yake. Akifika zahanati mwombe na kipimo cha malaria. Usaha kwenye tonsesi hauzuii malaria kuwepo.

Sasa kwa nini nawasumbua na koo ambalo, kusema kweli, hata bila dawa huwa linapoa ndani ya wiki moja? Kwa sababu ya kinachokuja baadaye. Mwili unatengeneza kinga ya kupigana na streptokoka, na kwa watoto wengine kinga hiyo inageuka kushambulia maungo na milango ya moyo. Mara nyingi inatokea wiki mbili au tatu baada ya koo kupona, wakati kila mtu ameshasahau. Goti linavimba na kuuma, kesho linapoa, maumivu yanahamia kifundo cha mguu au kiwiko. Wengine wanahema kwa shida wakipanda ngazi, au, hata miezi kadhaa baadaye, mikono inaanza kurukaruka bila wao kutaka, na mwalimu anaandika kwamba mwandiko umeharibika na mtoto hatulii. Hiyo ndiyo homa ya baridi yabisi. Ikishaharibu mlango wa moyo, haurudi ulivyokuwa. Kuna watoto wa nchi hii wanaofanyiwa upasuaji wa milango ya moyo pale Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, na kwa baadhi yao chanzo ni koo la namna hii. Figo nazo zinaweza kudhurika: uso unavimba asubuhi na mkojo unakuwa wa rangi ya chai ya rangi au soda nyeusi. Mtoto aliyeumwa koo miezi hii akionyesha lolote kati ya haya, hata kama koo limepona, mpeleke, na mwambie mganga kwamba aliumwa koo na lini.

Habari njema ni kwamba dawa ikianza ndani ya siku tisa tangu koo lilipoanza kuuma, bado inakinga moyo. Kwa hiyo ukimwona mtoto siku ya nne, hujachelewa. Ila andika siku lilipoanza. Ukifika zahanati ndilo swali la kwanza.

Dawa yenyewe ni ya kizamani na si ghali: penisilini au amoksilini, siku kumi. Au sindano moja ya penisilini ya benzathini, ambayo inauma, nakiri, lakini inamaliza kazi siku hiyohiyo. Kama unajijua kwamba nyumbani dozi huwa inaishia siku ya nne, omba sindano. Ukae hapo nusu saa baada ya kuchomwa, na kama mtoto aliwahi kuvimba au kuota vipele kwa penisilini, sema kabla hajachomwa.

Dozi za maji ndizo zinazoharibika zaidi. Chupa ya amoksilini ya mililita 100 mara nyingi haifiki siku kumi kwa mtoto wa darasa la pili au la tatu. Mzazi anamaliza chupa, anaona dawa imeisha, anasema dozi imeisha. Uliza hapohapo dirishani: hii inanifikisha siku kumi? Kama hapana, chukua chupa zinazotosha. Changanya moja tu kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, mpaka kwenye mstari, nyingine ibaki unga hadi zamu yake. Ikishachanganywa haikai muda mrefu. Soma kwenye lebo, nyingi ni siku saba. Itikise kila unapompa. Siku ya tatu mtoto atakuwa anacheza mpira, na hapo ndipo wengi wanaachia. Endelea mpaka kumi.

Septrini haifai kwa koo hili, hata kama jirani ilimsaidia. Vidonge viwili vitatu vya rangi mbili vilivyobaki kwenye droo navyo havifai: havitoshi kuua bakteria, vinatosha tu kuficha dalili mganga asione.

Zipo hali ambazo hamna kusubiri kesho wala kupitia zahanati kwanza. Ni hospitali, hata kama ni saa nane za usiku. Mtoto anadondosha mate kwa sababu hawezi kuyameza. Anapovuta pumzi inasikika mlio. Amekaa ameinamia mbele, kidevu mbele, hataki kulala chali. Sauti imekuwa kama ana kiazi cha moto mdomoni, au taya halifunguki. Hapo huenda kuna jipu nyuma ya tonsesi. Shingo imekakamaa. Hajakojoa tangu asubuhi na sasa ni jioni. Mtoto wa namna hii usimchokonoe koo kwa kijiko kutafuta kuona. Unaweza kuziba njia ya hewa kabisa. Mkalishe anavyotaka mwenyewe, mwende.

Utando wa kijivu uliogandia kooni, na shingo iliyovimba, inaweza kuwa dondakoo. Chanjo yake imo ndani ya ile ya pamoja ya wiki ya 6, 10 na 14. Angalieni kadi. Na mtoto aliyeanza kulia koo ghafla akiwa anachezea sarafu, mfupa wa samaki au betri ndogo ya duara, huyo ni hospitali mara moja. Betri inaunguza koo ndani ya saa chache tu.

Watoto wenye selimundu, wenye VVU na wale waliokwisha kuambiwa wana tatizo la mlango wa moyo hawamo kwenye hesabu ya kuangalia kwanza. Homa na koo, waende siku hiyohiyo.

Kimeo. Najua tunakata, wengine kimya kimya. Kile kinyama kinachoning'inia hakileti kikohozi wala maumivu ya koo. Kinavimba kwa sababu koo zima limevimba. Kukikata kunaleta damu isiyokatika, pepopunda, na maambukizi ya VVU kwa kisu kilichotumika kwa wengine. Kikohozi kilichopita wiki mbili kinataka kipimo cha kifua kikuu.

Na barafu za getini hazileti koo la streptokoka. Kikombe kimoja cha bombani kinachonywewa na darasa zima, hicho kinaweza kulisambaza.

Kwa koo la virusi, la mafua na kikohozi, kazi ni nyumbani: uji mwepesi, maji kidogo kidogo mara nyingi, asali kijiko cha chai kwa aliyezidi mwaka mmoja. Mkubwa wa miaka sita na kuendelea asukutue maji ya uvuguvugu yenye nusu kijiko cha chai cha chumvi kwa glasi, ateme. Parasetamoli ya maji ya miligramu 120 kwa kila mililita 5, mtoto wa kilo 20 anapewa mililita 10. Ya kidonge cha 500, nusu yake. Kila baada ya saa sita akiihitaji, isizidi mara nne kwa siku nzima. Pima kwa kifuniko au bomba lililokuja na dawa, vijiko vya jikoni vinatofautiana. Na soma dawa ya mafua uliyonunua, nyingi zina parasetamoli ndani, ukimpa zote mbili umemzidishia. Aspirini, hapana. Akifika siku ya tatu homa bado ipo, au ilishuka ikarudi, au koo limezidi badala ya kupungua, sasa naye aende.

Aliyeanza antibayotiki arudi shule baada ya saa 24, homa ikiwa imeshuka. Dawa ya mchana iletwe kwangu ikiwa na jina, darasa na siku ya kuanza. Isikae kwenye begi, huwa inaishia kuonjwa na rafiki. Wenye watoto wa bweni, kabla hamjaondoka leo pitieni mezani kwangu mniandikie uzito wa mtoto, mzio wowote wa dawa, na namba ya simu inayopokelewa usiku.