Ombi la Ankara Halali ya Kodi Yenye Namba ya Usajili na Jina Sahihi la Kampuni

MWAMBAO SAMANI NA MBAO LIMITED
Barabara ya 12, Ngamiani
S.L.P. 9914, Tanga

Kumb. Na. MSM/UH/2024/07
6 Februari 2024

Meneja wa Mauzo,
Kilele Vifaa vya Useremala Limited,
Gerezani, Kariakoo,
S.L.P. 60873,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: ANKARA NA. 0873 NA RISITI YA EFD YA TAREHE 17 JANUARI 2024

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Tarehe 17 Januari 2024 tulinunua kwenu mbao za MDF 120, plaiwudi 40, pakiti 60 za bawaba na ndoo 10 za vanishi, kwa agizo letu la manunuzi (LPO) namba 0412. Bidhaa zote zilifika Tanga zikiwa salama na kwa idadi kamili, na mtunza stoo wetu alisaini hati ya kupokelea bila dosari yoyote. Malipo ya Sh. 17,228,000 yalifanyika siku hiyohiyo kutoka akaunti ya benki ya kampuni yetu kwenda akaunti ya kampuni yenu. Kwa hiyo hatuna malalamiko yoyote kuhusu bidhaa wala bei. Tunaandika kwa sababu karatasi tulizopewa hazielezi kwa usahihi nani amemuuzia nani, na kwa hali zilivyo haziwezi kutumika katika ritani yetu ya VAT.

Nianze na ankara namba 0873. Imechapishwa kwenye karatasi yenye jina na TIN ya kampuni yenu, lakini haina VRN, yaani namba yenu ya usajili wa VAT, mahali popote. Chini yake kuna kiasi kimoja tu cha Sh. 17,228,000 na maneno "pamoja na VAT", bila kutenganisha thamani ya bidhaa na kodi. Kwa hesabu yetu, kwa kufuata bei za LPO, thamani ya bidhaa ni Sh. 14,600,000 na VAT ya asilimia 18 ni Sh. 2,628,000, na jumla yake inalingana kabisa na fedha tulizolipa. Lakini hesabu ya mnunuzi haiwezi kuziba nafasi ya kodi ambayo muuzaji mwenyewe hakuionyesha. Aidha, aliyeandikiwa ankara hiyo ni "Mwambao Samani", si kampuni yetu.

Risiti ya EFD iliyoambatana na ankara hiyo inatutia wasiwasi zaidi. Tuliihakiki kwenye tovuti ya TRA, verify.tra.go.tz, tukaikuta ni risiti halisi iliyosajiliwa katika mfumo. Hata hivyo, TIN ya muuzaji iliyomo si ile iliyo kwenye ankara yenu, na katika sehemu ya VRN inaonyesha kwamba muuzaji hajasajiliwa kwa VAT. Kiasi cha fedha ni kilekile, Sh. 17,228,000, lakini kodi haikutenganishwa. Mteja aliyetajwa ni "Mwambao Samani", tena kwa TIN ambayo ni ya mwenye biashara binafsi na si ya kampuni.

Tumerejea risiti ya manunuzi yetu ya Oktoba 2023, ambayo pia mliitoa ninyi, tukakuta TIN na VRN zenu zipo, kodi imetenganishwa, na jina la kampuni yetu limeandikwa kikamilifu. Kwa kuwa kampuni yenu ni ileile na duka ni lilelile, tunaamini kwamba safari hii risiti ilitolewa kwa mashine ya biashara nyingine iliyopo kwenye kaunta hiyo, na kwamba karani alichagua jina letu la zamani katika orodha ya wateja kwa kuwa linafanana na la sasa. Hatusemi kwamba kuna nia mbaya. Hata hivyo, mkaguzi wa kodi atasoma kilichoandikwa, na kilichoandikwa ni kwamba mtu mwingine asiyesajiliwa kwa VAT alimuuzia mtu mwingine ambaye si kampuni yetu.

Kuhusu jina, naomba nieleze kwa urefu kidogo ili jambo hili lisijirudie. Hadi tarehe 30 Juni 2023 "Mwambao Samani" lilikuwa jina la biashara lililosajiliwa BRELA na mtu mmoja, ambaye alifanya biashara kwa TIN yake mwenyewe. Kuanzia tarehe 1 Julai 2023 shughuli zote zimehamia kwenye kampuni yenye dhima yenye kikomo, ambayo kisheria ni mtu anayejitegemea, mwenye TIN yake, VRN yake, akaunti yake ya benki na ritani zake. Tuliwajulisha mabadiliko hayo kwa barua ya Julai 2023, na risiti yenu ya Oktoba ni ushahidi kwamba mliyapokea. Majina hayo mawili yanafanana masikioni, lakini mbele ya TRA ni walipa kodi wawili tofauti, na kodi iliyolipwa na mmoja haiwezi kudaiwa na mwingine hata kama mwenye hisa ni yuleyule aliyekuwa mwenye duka.

Sheria ya Kodi ya Ongezeko la Thamani, Sura ya 148, inamtaka muuzaji aliyesajiliwa kutoa ankara ya kodi iliyo ya kweli na sahihi, inayotokana na mashine ya kielektroniki ya kodi, yenye tarehe, jina lake, TIN na VRN yake, maelezo na idadi ya bidhaa, jumla ya malipo na kiasi cha VAT kilichomo. Kwa mauzo makubwa kama haya inatakiwa pia kuonyesha utambulisho wa mnunuzi. Mnunuzi naye haruhusiwi kupunguza kodi ya manunuzi kutoka kwenye kodi ya mauzo bila kuwa na hati ya namna hiyo mkononi. Ndiyo maana tangazo la TRA linasema, "Ukiuza toa risiti, ukinunua dai risiti": wajibu uko pande zote mbili, na sisi tunatimiza wa kwetu kwa barua hii.

Kwa hiyo tunaomba mtutolee upya ankara ya kodi pamoja na risiti ya EFD kutoka kwenye mashine iliyosajiliwa kwa jina la kampuni yenu, ikionyesha TIN na VRN yenu, thamani ya bidhaa Sh. 14,600,000, VAT Sh. 2,628,000 na jumla ya Sh. 17,228,000, huku bidhaa zikiorodheshwa moja moja kama zilivyo kwenye LPO. Upande wa mnunuzi uandikwe hivi, bila kufupisha neno lolote:

Jina: Mwambao Samani na Mbao Limited
TIN: 190-000-352
VRN: 40-900352-K
Anwani: Barabara ya 12, Ngamiani, S.L.P. 9914, Tanga

Tunaomba msirekebishe karatasi za zamani kwa kalamu, wala msigonge mhuri wenye VRN juu ya ankara namba 0873, kwa sababu maandishi ya namna hiyo hayabadilishi taarifa zilizokwisha kuingia kwenye mfumo wa TRA. Vilevile hatutaki risiti mpya itolewe huku ya zamani ikiachwa kama ilivyo, kwani mauzo ya mara moja yataonekana kuwa yamefanyika mara mbili, na mwenye mashine ile ataonekana kuwa na mapato ambayo si yake. Tunaomba risiti ya kwanza irekebishwe kwa utaratibu wa TRA, na mtupatie nakala ya hati ya marekebisho hayo tuiweke kwenye jalada pamoja na ile mpya. Tuko tayari kuwarudishia risiti halisi ya tarehe 17 Januari mtakapoihitaji. Sisi tutabaki na nakala, kwa kuwa sheria inatutaka kutunza kumbukumbu za kodi kwa miaka mitano.

Pamoja na ankara hiyo, tunaomba nakala ya cheti chenu cha usajili wa VAT. Ombi hili halitokani na kuwashuku. Tunalazimika kulitoa kwa sababu risiti mliyotupa inasema kwamba muuzaji hajasajiliwa, nasi tumetozwa Sh. 2,628,000 kama VAT. Kama usajili wenu uko hai, cheti kitamaliza swali hilo mara moja. Kama umesitishwa au kufutwa tangu Oktoba, tunaomba mtuambie waziwazi, kwa sababu asiyesajiliwa hana mamlaka ya kutoza VAT, na katika hali hiyo kiasi hicho kinapaswa kurudishwa kwenye akaunti ya kampuni yetu. Kati ya njia hizo mbili hakuna ya tatu tunayoweza kuikubali.

Ritani yetu ya Januari inapaswa kuwasilishwa ifikapo Jumanne tarehe 20 Februari 2024. Ili tupate muda wa kuhakiki risiti mpya na kuiingiza katika hesabu, tunaomba hati zote zitufikie kabla ya saa 10 jioni ya Jumatatu tarehe 12 Februari 2024. Mnaweza kutanguliza nakala kwa barua pepe iliyo kwenye LPO yetu, kisha hati halisi zikaja kwa basi linalokuja Tanga, kwa gharama yetu. Hati zikichelewa hatutadai kodi hiyo katika ritani ya Januari. Tutaidai baadaye ndani ya muda unaoruhusiwa na sheria, lakini kwa kipindi chote hicho fedha hizo zitakuwa zimetoka mfukoni mwetu kwa kosa ambalo hatukulitenda, na kwa karakana ya ukubwa wetu kiasi hicho ni mishahara ya mafundi.

Agizo letu la Februari, LPO namba 0419, bado liko palepale, nasi tungependa liendelee, kwani ubora wa mbao zenu tunaujua na mafundi wetu wanazipenda. Hata hivyo, idara ya uhasibu haitaidhinisha malipo yake mpaka suala hili la Januari likamilike, na kuanzia sasa tutahakiki kila risiti wakati mzigo ungali kwenye kaunta yenu, kabla dereva wetu hajaondoka. Tunaomba mumwelekeze karani wenu aliondoe jina "Mwambao Samani" katika orodha ya wateja.

Kama kuna jambo lolote katika barua hii ambalo kumbukumbu zenu zinalionyesha tofauti, nipigieni kwa simu ya ofisi iliyo kwenye LPO kabla ya kutoa hati nyingine, ili tulinganishe karatasi kwa pamoja na risiti itakayofuata iwe ya mwisho.

Natanguliza shukrani kwa ushirikiano wenu.

Wako katika kazi,

Z. Mhina
Mhasibu Mkuu
Kny: Mwambao Samani na Mbao Limited

Viambatisho: Nakala ya ankara namba 0873, nakala ya risiti ya EFD ya tarehe 17 Januari 2024 na matokeo ya uhakiki wake, nakala ya risiti ya Oktoba 2023, LPO namba 0412, hati ya kupokelea bidhaa, uthibitisho wa malipo wa benki, nakala za vyeti vyetu vya TIN na VAT.

Nakala: Mkurugenzi Mtendaji, Mwambao Samani na Mbao Limited – kwa taarifa.