Hotuba kwa wenye maduka wa Majengo, Mombasa: meseji za kitapeli na misimbo bandia ya kulipia

Assalaam alaykum, na habari za jioni kwenu nyote. Mwenyekiti, mama zangu, ami zangu, na vijana mliotoka Mwembe Tayari na Kongowea, asanteni. Jioni ndiyo saa ya mauzo, na mtu aliyeteremsha mlango wa duka saa hii ili aje kusikiliza ana haki ya kusikia jambo la maana. Mimi ni fundi wa simu na wakala wa pesa hapa hapa mtaani. Wenye maduka walioliwa pesa huja kwangu wakidhani simu ndiyo mbovu. Simu huwa nzima. Inaniuma, kwa sababu ni jasho la watu ninaowajua.

Nianze na ile stika ya mraba wenye vidoti vyeusi, msimbo wa QR. Chukueni mfano wa muuza leso wa Barabara ya Biashara. Mteja amechagua doti mbili, bei ni shilingi 1,400. Anaskani stika ukutani, analipa, anamwonyesha mwenye duka meseji. Meseji ni ya kweli na pesa zimetoka. Lakini simu ya duka imenyamaza. Dakika tano, kumi, hakuna kitu. Mwenye duka anasema, "Hujalipa." Mteja anasema, "Nimelipa, wataka nilipe mara mbili?" Sauti zinapanda, watu wanajaa mlangoni. Na hawa wawili wote ni waaminifu! Aliyekula pesa alipita zamani, akabandika stika yake juu ya stika ya duka, akaenda zake.

Sikilizeni vizuri hapa, maana ndipo wengi wanapopotelea. Tapeli hana haja ya kubadilisha stika nzima. Anaiacha rangi, analiacha jina la duka, anaiacha namba yako ya tili ilivyo. Anafunika ule mraba tu. Wewe ukitazama, unaona namba yako na moyo unatulia. Lakini anayeskani hasomi namba, simu yake inasoma mraba, na mraba unampeleka kwenye tili nyingine. Jicho la binadamu haliwezi kutofautisha mraba mmoja na mwingine, hata liwe kali vipi. Benki Kuu ya Kenya ilitoa kiwango cha taifa cha misimbo hii mwaka 2023, ili msimbo mmoja usomeke na apu za kampuni mbalimbali. Ni hatua njema, ila kiwango hakimzuii mtu mwenye gundi na karatasi.

Basi kila asubuhi, kabla hujapanga bidhaa, toa simu yako binafsi uskani msimbo wako mwenyewe. Andika shilingi 10, usonge mbele mpaka skrini ikuonyeshe jina la anayelipwa. Soma jina. Soma na namba, uilinganishe na ile iliyochapishwa kwenye stika. Vikilingana, futa malipo kabla ya kuweka namba ya siri, na siku yako ianze. Pitisha kidole kwenye kingo pia. Stika iliyobandikwa juu ya nyingine huwa na ukingo unaokwaruza. Na jamani, tuache kubandika misimbo kwenye milango ya mabati inayolala nje usiku kucha. Iweke ndani, nyuma ya kioo cha kaunta.

Mteja naye msaidie. Mwambie, "Mama, kabla ya kuweka namba ya siri, nisomee jina unaloliona." Haichukui muda, na haimvunjii heshima mtu.

Akija kijana na fulana ya kampuni na kitambulisho shingoni, asema ameleta stika mpya kwa sababu ya zamani imekwisha muda, mkaribishe maji, lakini stika isibandikwe. Fulana inashonwa popote. Piga simu mwenyewe kwa kampuni, kwa namba uliyokuwa nayo tangu zamani, wala si ile anayokupa yeye.

Sasa meseji. Kwa wanaotumia M-Pesa, meseji ya kweli huingia chini ya jina MPESA. Ikija kwa namba ya kawaida ya 07 au 01, hata maneno yawe sawasawa neno kwa neno, hiyo si yenyewe. Lakini msiishie kwenye jina. Meseji iliyo kwenye simu ya mteja haikuhusu kabisa, awe amekuonyesha picha ya skrini au ameinua simu juu akiharakisha tuktuk inayomsubiri. Malipo ni yale uliyoyaona upande wako, kwenye simu ya duka au kwenye apu ya biashara. Ukiwa na shaka, tazama salio. Mzigo usitoke dukani kabla ya hapo.

Kuna na wale wanaojiliza. Inaingia meseji kwamba umepokea 3,500, halafu mtu anapiga simu: "Nimekosea namba, hizo ni pesa za hospitali, nirudishie." Tazama salio kwanza. Aghlabu hakuna kilichoingia, na ukimtumia unamtumia zako. Na hata kama zimeingia kweli, usizirudishe kwa mkono wako. Mwambie aipeleke meseji yake ya malipo kwa 456, kampuni ishughulikie.

Nyingine hutisha: "Tili yako itafungwa leo saa 12, bonyeza hapa uhakiki." Ndani kuna linki, mfano:

```
safaricom.co.ke.uhakiki-till.com/ingia
```

Mtu huona safaricom mwanzoni akaamini. Mwenye linki hajulikani kwa mwanzo. Tafuta mkwaju wa kwanza, ile alama ya /, ukiiacha https:// ya mwanzoni kama ipo, kisha urudi nyuma: hapo mwenyewe ni `uhakiki-till.com`, na yale yaliyotangulia ni mapambo. Hakuna kampuni ya simu wala benki inayohitaji umtajie mtu namba yako ya siri, wala ile namba ya uhakiki inayoingia kwa meseji. Anayeiomba ni mwizi, hata akikuita kwa majina yako matatu. Safaricom hupigia wateja wake kwa 0722 000 000 pekee, na hata simu ikionyesha namba hiyo, namba ya siri haitajwi.

Ikikupata, usione haya ukakaa kimya, maana jirani yako ndiye anayefuata. Badilisha namba ya siri papo hapo. Piga 100, na benki yako ikiwa imeguswa. Meseji ya kitapeli itume kwa 333, ni bure. Stika bandia usiichane: ipige picha ikiwa pale pale ukutani, kisha uende kituo cha polisi upewe namba ya OB. Sheria ya makosa ya mitandao ipo tangu 2018, lakini polisi hawezi kufuata karatasi uliyoitupa jaani.

Nimesema ya kutosha. Hapa mezani nimeweka stika mbili zenye jina moja na namba moja. Mmoja katika miraba hiyo si wa duka hilo, unakwenda kwenye tili yangu. Leteni simu zenu, mama zetu watangulie, muskani zote mbili mpaka muone jina. Namba ya siri msiweke.